Ziara ya Bagamoyo, darasa la sita: shajara ya maandalizi

Jumatatu, wiki ya kwanza

Mwalimu Mkuu ameniita ofisini na kunikabidhi ziara ya darasa la sita. Tunakwenda Bagamoyo: magofu ya Kaole asubuhi, baadaye mjini kwenye Karavan Serai na Boma la Wajerumani, jioni turudi Temeke. Rejista inasema watoto 108, mkondo A na B. Barua ya kuomba kibali imeandikwa leo na inapita kwa Afisa Elimu Kata kwenda manispaa, kwa sababu Bagamoyo iko Mkoa wa Pwani na watoto hawavushwi mkoa kwa maneno ya mdomo.

Walimu wenzangu wakisikia ziara wanafikiria chakula na picha. Mimi nafikiria idadi. Wakitoka watoto fulani getini asubuhi, jioni warudi walewale, kwa majina yao. Fomu, magari, wasimamizi na namba za simu vyote vinarudi kwenye hesabu hiyo, ndiyo maana nitaiandika kwa kirefu kwa faida ya atakayepewa kazi hii mwakani.

Jumatano

Nimeandika fomu ya ridhaa upya. Ile ya zamani ilikuwa mistari minne: jina la mtoto, jina la mzazi, kiasi cha pesa, saini. Mzazi aliyesaini fomu ile alikuwa hajui mtoto wake anakwenda kufanya nini wala anarudi saa ngapi, kwa hiyo saini yake haikuwa na uzito wowote.

Fomu mpya ni ukurasa mmoja, pande mbili. Upande wa kwanza unabaki nyumbani: tunaondoka saa 12:30 asubuhi, tunapita Mandela, Ubungo, Mwenge, Tegeta na Bunju, tunafika Kaole kama saa 3, tunarudi shuleni kati ya saa 11 na saa 12 jioni. Umeandikwa wazi kwamba Kaole iko karibu na bahari lakini hakuna kuogelea wala kushuka majini. Upande wa pili ndio unaorudi shuleni. Una maswali ya afya yaliyotajwa kwa majina yake: pumu, selimundu, kifafa, mzio wa chakula au dawa, kutapika kwenye gari. Ukiuliza tu "mtoto ana tatizo lolote la kiafya?" wazazi wengi wanaandika hapana, kwa sababu mtoto hajaumwa wiki hii. Ukiitaja pumu kwa jina, mzazi anakumbuka ile ya mwezi wa sita.

Kuna ruhusa ya huduma ya kwanza na matibabu ya dharura endapo mzazi hapatikani kwa simu. Kuna nafasi ya namba mbili za simu, na nimesisitiza kwamba ya pili iwe ya mtu wa nyumba nyingine. Baba na mama wakiwa safarini pamoja, namba zao mbili ni sawa na namba moja. Mwisho kuna jina la atakayemchukua mtoto jioni.

Swali la ruhusa na swali la mchango nimeyatenganisha. Kwenye fomu ya zamani yalikaa pamoja, na mzazi asiye na pesa mwezi huo aliandika "siruhusu" kwa kuona haya. Sasa anajibu kwanza kama anaruhusu, halafu kwenye mstari mwingine anaweka alama kama atachangia chote, kiasi, au angependa kuzungumza na mwalimu wa darasa. Kamati ya shule imekubali kutafuta namna kwa watakaoshindwa.

Mzazi mmoja ameshaandika kwenye kundi la simu: "Mwalimu, mimi namruhusu mwanangu, sina shida." Nimemjibu kwa heshima kwamba nashukuru, ila nasubiri karatasi. Kwenye kundi la simu sioni pumu wala namba ya shangazi.

Jumamosi

Nimekwenda Kaole mwenyewe na mwalimu wa afya. Bila kuona mahali kwa macho, mpango wa usimamizi unabaki wa kubuni.

Magofu ni ya kuvutia, msikiti wake ni wa karne ya 13 na makaburi yale ya nguzo watoto watayapenda. Jicho langu leo lilikuwa kwingine. Kuna kisima cha kale ambacho kila mgeni huonyeshwa, na watoto 108 wakitaka kuchungulia kwa pamoja, wa nyuma watawasukuma wa mbele. Hapo atasimama mtu mzima mmoja ambaye hana kundi, na watoto watakwenda kundi moja moja. Kuna njia inayoteremka kuelekea mikoko na pwani. Huo ndio mpaka wetu: hakuna anayepita pale bila msimamizi wake.

Nimehesabu na vyoo. Nilikuwa nawaza tusimame kituo cha mafuta Bunju ili watoto wajisaidie. Tuseme tumepata vyoo vinne na kila mtoto atumie dakika mbili. Kwa watoto 108 ni karibu saa nzima kando ya barabara kuu, watoto wengine wako chooni, wengine dukani, wengine wamerudi garini, na hakuna anayejua nani yuko wapi. Kusimama kwa wote nimekufuta. Watajisaidia shuleni kabla ya kupanda, na Kaole wataingia kwa zamu: nusu wako na mwongozaji kwenye magofu, nusu kwenye chumba cha makumbusho na vyoo, kisha wanabadilishana. Akibanwa mtoto njiani, inasimama gari yake peke yake, tena mahali penye uzio.

Viingilio vinalipwa kwa kontro namba, na ofisi inataka kujua idadi mapema. Nimeomba waongozaji wawili.

Ijumaa, wiki ya pili

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Zimerudi 102. Wanaoruhusiwa ni 91, waliokataliwa ni 11. Sita hazijarudi, na walimu wa darasa wamewafuata wazazi bila mafanikio. Kimya sikihesabu kama ruhusa. Hao sita watabaki shuleni pamoja na wale 11, na mwalimu wa sayansi ameshawaandalia siku yao ili isiwe adhabu.

Fomu mbili zina saini zenye mwandiko wa mtoto kabisa. Nimepiga simu. Mmoja ni bibi yake asiyejua kuandika ndiye aliyemwambia mjukuu asaini. Tumekubaliana aje aweke dole gumba. Mwingine mama hakuwa na habari ya safari yoyote, akacheka, akasema, "Huyo mwache aje nyumbani nitaongea naye," lakini jioni amemruhusu na fomu halali imekuja.

Kwa hiyo namba ya kazi ni 91. Kuanzia leo haibadiliki bila mimi kuandika kwenye karatasi moja iliyo ofisini. Mwenye kuongeza mtoto aniambie, mwenye kutoa aniambie.

Jumatatu, wiki ya tatu

Magari. Basi kubwa lingekuwa rahisi kuhesabia, lakini uchochoro wa shule yetu hauruhusu, na kuwapandisha watoto kule barabarani saa 12 asubuhi sitaki. Tunakwenda na kosta.

Mwenye magari wa kwanza aliniambia kosta tatu zinatosha. "Mwalimu, hao ni watoto, wanabanana wawili wawili." Alidai kila moja ina siti 33. Nikaomba nipande nihesabu. Siti za kudumu ni 28, na tano ni zile za kukunja zinazofunguliwa katikati ya njia. Zikifunguliwa zote, anayekaa nyuma hawezi kutoka mpaka watano mbele yake wasimame. Kwenye moshi au gari likilala ubavu, hiyo njia ndiyo uhai. Kwangu gari lile ni la watu 28. Nikamshukuru, nikaondoka.

Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alisimama akataja ajali ya Karatu ya Mei 2017, ambapo walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, wote wa gari moja la shule. Hakuuliza swali, alitaja tu akakaa. Nikasoma mbele yao sharti la kwanza la mkataba: mtu mmoja, siti moja ya kudumu, awe mtoto au mkubwa.

Jumanne

Hapa ndipo penye hesabu yenyewe, na naomba mwalimu wa mwakani asipaharakishe.

Nilianza na uwiano wa mtu mzima mmoja kwa watoto 10, ambao kwa umri wa miaka 11 na 12 kwenye eneo wazi naona ndio mwisho. Watoto 91 ukigawa kwa 10 unahitaji wasimamizi 10. Makundi tisa ya watoto tisa, moja la kumi. Kwenye karatasi imekaa vizuri, kwenye kosta haikai. Makundi matatu ya watoto tisa na wasimamizi wao ni watu 30, na gari ni la 28. Ukipakia makundi mawili, siti nane zinabaki tupu na unahitaji kosta ya tano. Ukilikata kundi, nusu gari hili na nusu lile, msimamizi anasafiri bila nusu ya watoto wake, na wakifika wanashuka kwa nyakati tofauti. Kundi lililokatwa ndilo linalopoteza mtoto.

Kwa hiyo nimeanzia kwenye siti. Kosta nne, kila moja makundi matatu, jumla makundi 12. Watoto 91 kwenye makundi 12 wanatoka makundi saba ya watoto wanane na matano ya watoto saba. Kosta ya kwanza, ya pili na ya tatu zina watoto 23 kila moja, ya nne ina 22. Ongeza wasimamizi watatu kila gari: 26, 26, 26 na 25. Jumla 103, siti ziko 112.

Juu ya hao 12 kuna watu wazima wawili wasio na kundi: mimi na mwalimu wa afya. Tukiwa ndani jumla ni 105. Hawa wawili si mapambo. Uwiano wa kwenye karatasi ni ule wa wakati kila kitu kiko sawa, na mimi nataka ule unaobaki baada ya mtoto mmoja kuumia na mtu mzima mmoja kuondoka naye. Kama kila msimamizi ana kundi, akiondoka mmoja watoto wanane wanagawiwa kwa wenzake, na wenzake wanaanza kuhesabu orodha wasiyoizoea. Mwenye kuondoka awe yule asiye na kundi, na hesabu ya makundi haiguswi.

Dereva, kondakta na mwongozaji wa makumbusho hawamo kwenye uwiano. Dereva anabaki na gari lake. Mwongozaji anazungumza na watoto na kuwapa mgongo nusu ya muda.

Wasimamizi 12: walimu saba, wazazi watano. Wazazi nimewaweka kwenye makundi yasiyo na watoto wao. Mama mmoja alinung'unika kidogo, "Mwalimu, mimi nakuja kwa ajili ya wangu," nikamweleza kwamba mwenye mwanae kundini humtazama mmoja na kuwasahau saba. Amekubali.

Alhamisi

Mkataba umesainiwa na mwenye magari mwingine. Kosta nne, shilingi 300,000 kila moja kwa siku nzima, mafuta juu ya mwenye magari. Nusu leo, nusu baada ya kurudi. Jumla ni 1,200,000, ambayo kwa watoto 91 ni kama 13,200 kwa mtoto kwa usafiri peke yake. Wanaochangia chote ni 70 tu, kwa hiyo mhasibu asigawe kwa 91 akadhani pesa ipo. Kamati inajua pengo.

Kwenye mkataba tumeandika namba za usajili za magari yote manne na majina ya madereva. Magari haya kwa kawaida ni daladala zenye leseni ya njia zao, kwa hiyo mwenye mali analeta kibali cha LATRA cha kukodiwa kwenda Bagamoyo. Bila kibali, trafiki akitusimamisha mbele ya Mapinga, watoto 91 wanakaa juani wakati watu wazima wanabishana. Bima nimezihakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA. Leseni za madereva nimeziona, na nimeangalia daraja linaloruhusu abiria wa idadi hiyo.

Sharti jingine: siku moja kabla ya safari dereva hapigi daladala hadi usiku. Mwenye magari alicheka. Sikucheka, akaandika.

Jumatatu, wiki ya nne

Kupiga simu. Mimi na karani tumegawana fomu 91 na kupiga kila namba ya kwanza. Tulikuwa na sentensi moja: "Shikamoo, nampigia mzazi au mlezi wa mtoto fulani wa darasa la sita, nathibitisha tu kwamba namba hii ndiyo ya dharura." Kati ya 91, namba 17 hazikufaa. Nyingine hazipatikani kabisa, laini imeachwa siku nyingi. Nyingine tarakimu moja imekosewa, tukampata mtu wa Mwanza asiyemjua mtoto. Moja ilikuwa ya bodaboda anayemleta mtoto shuleni, kijana mwema lakini hawezi kukubali mtoto afanyiwe upasuaji. Kumi na saba si wazazi wazembe. Watu hubadilisha laini, na fomu ya shule ndiyo ya mwisho kuambiwa.

Namba zilizothibitishwa zimechapwa kwenye karatasi, si kwenye simu tu, kwa maana simu huzima chaji. Orodha kamili ziko mbili: moja kwenye mkoba wangu, moja kwa mwalimu wa zamu atakayebaki ofisini mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe. Kila msimamizi ana karatasi ya kundi lake peke yake, yenye majina, namba mbili za simu, na alama kwa mwenye ugonjwa. Hakuna sababu ya mzazi wa kujitolea kutembea na namba za familia 91 na habari za kifafa za watoto wa wenzake.

Namna ya kupashana habari: likitokea jambo, msimamizi ananiambia mimi, mimi nampigia mwalimu wa zamu, yeye anawapigia wazazi wanaohusika. Kundi la simu la wazazi siku hiyo linafungwa, wanaandika wasimamizi wa kundi hilo la simu peke yao, na taarifa ni tatu tu: tumefika, tumeanza kurudi, tumeingia Mwenge. Picha moja ya mtoto mwenye bendeji ikiruka kwenye kundi lile, dakika kumi baadaye geti la shule limejaa.

Nyuma ya karatasi: polisi 112, zimamoto na uokoaji 114, huduma ya simu kwa mtoto 116, simu ya Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo tuliyoichukua pale pale mapokezi siku ile tulipokwenda, na simu ya dereva wa kila gari. Mwenyekiti wa kamati amejitolea gari lake dogo lifuate nyuma. Hilo ndilo gari la dharura. Kosta ikigeuzwa gari la wagonjwa, watoto 22 wanabaki bila usafiri.

Jumatano

Mazoezi uwanjani, kipindi cha mwisho. Nimewapanga kwa makundi, kila mtoto ana namba yake ndani ya kundi, na kila kundi lina utepe wa rangi mkononi. Sare ni shati jeupe na bluu, na kila shule ya msingi tutakayokutana nayo huko itakuwa shati jeupe na bluu. Majina vifuani sikuweka. Mtu usiyemjua akimwita mtoto kwa jina lake, mtoto huitika. Kwenye utepe kuna jina la shule na namba yangu ya simu.

Nikawaambia wakimbie, wachanganyike, nikapiga filimbi. Wakarudi kwenye makundi, wasimamizi wakahesabu vichwa, majibu yakaja: 91. Nikasema sasa iteni majina. Kundi la saba likakosa mtoto. Alikuwa bombani anakunywa maji. Nafasi yake ilikuwa imejazwa na kijana wa darasa la tano aliyeona mchezo mzuri akajiunga. Wasimamizi walitazamana. Hakuna hotuba ambayo ingewafundisha kile walichokiona hapo.

Utaratibu ukawa huu: mtoto anataja namba yake na jina, msimamizi anaweka alama kwenye karatasi, anainua mkono akimaliza. Kundi la watoto wanane linachukua chini ya dakika moja. Tunahesabu tukipanda, tukishuka, tukitoka chooni, kabla na baada ya chakula, na tukihama eneo. Dereva hawashi gari mpaka wasimamizi watatu wa gari lake wamenyoosha mikono na mmoja wao, kiongozi wa gari, amemwambia.

Ijumaa, siku ya safari

Saa 11:40 alfajiri. Kosta tatu ni zile za kwenye mkataba. Ya pili imebadilishwa. Dereva anasema ile ya awali iliharibika jana jioni na tajiri kaleta hii. Ndiyo maana niliandika namba za usajili. Tumeikagua upya: tairi zina meno, mtungi wa kuzimia moto upo na kipimo chake kiko kwenye kijani, mlango wa dharura unafunguka kwa ndani, kibali kimeandikwa namba ya gari hili. Siti za kudumu ni 26, pungufu mbili. Kosta ya pili ilikuwa na watu 26, nami wa 27. Nimehamia ya nne na hakuna mtoto aliyeguswa. Siti zile saba za ziada, ambazo mhasibu aliziita hasara, ndizo zilizotuokoa.

Watoto watatu hawakutokea, wawili wa kosta ya tatu na mmoja wa ya nne. Simu kwa wazazi: wawili wana homa, mmoja amelala. Namba mpya ni 88: 23, 23, 21, 21. Nimeiandika kwenye karatasi ya ofisini na kila kiongozi wa gari amekata namba ya zamani. Tumeondoka saa 12:45.

Saa 3:20. Kaole. Foleni ilikuwa Mwenge hadi Tegeta, baada ya hapo wazi. Kutapika: watatu, wote waliokuwa wametajwa kwenye fomu, wote walikaa mbele na mifuko.

Saa 4 na ushei. Shule nyingine imewasili, shati jeupe na bluu. Tepe zinafanya kazi.

Saa 4:50. Mvulana wa kundi la tisa amechomwa mguuni na mti mkavu uliopita kwenye kandambili. Viatu vilikuwa kwenye begi. Kipande kimebaki ndani. Mwalimu wa afya ameondoka naye kwa gari dogo kwenda hospitali ya wilaya na fomu yake mkononi, kundi la tisa halijahama mikono. Mwalimu wa zamu amempigia mama, simu imezimwa. Namba ya pili, mama mdogo wake aliyeko Mbagala, imepokelewa kwa mlio wa pili. Mama mdogo ndiye aliyejua lini mtoto alichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho. Hilo nalo linaongezwa kwenye fomu ya mwakani.

Saa 5:45. Kupanda magari kwenda mjini. Jumla iliyonifikia ni 87, na mmoja yuko hospitali, kwa hiyo 88. Kosta ya kwanza, dereva ameshakaa tayari. Lakini kiongozi wa kosta ya tatu hajanyoosha mkono: kundi la nane, namba tano, hakuna jibu. Wakati huo kosta ya kwanza ina mtoto mmoja wa ziada. Binti amemfuata binamu yake. Jumla ilikuwa sahihi, magari mawili hayakuwa sahihi. Kosta ya kwanza ingeondoka, ya tatu ingebaki Kaole ikimtafuta vichakani mtoto aliyeko mjini anakula. Imechukua dakika nne kumrudisha.

Saa 7:30. Chakula. Mvulana amerudi na bendeji, anachechemea kwa fahari. Karavan Serai tumeona, Boma tumelitazama kwa nje, muda haukutosha.

Saa 8:40 tumeondoka. Taarifa ya Mwenge imetumwa saa 10:50. Getini saa 11:55.

Kukabidhi kulichukua muda kuliko nilivyopanga. Mjomba mmoja alikuja kumchukua mpwa wake, mtoto anamjua na kumkimbilia, lakini jina halimo kwenye fomu. Mwalimu wa zamu alimpigia mama yake, mama akathibitisha, jina likaandikwa nyuma ya fomu na saini ya mjomba. Mjomba alikasirika. Wa mwisho ameondoka saa 1:10 usiku.

Jumatatu

Malipo ya mwisho yametolewa kwa kosta tatu. Kosta ya pili inasubiri mwenye magari aeleze kwa maandishi kuhusu gari lililobadilishwa bila simu ya mapema. Karatasi 12 za wasimamizi zimerudi zote, nimezihesabu na kuzichoma nyuma ya jiko. Orodha kamili moja imebaki kwenye kabati la Mwalimu Mkuu pamoja na fomu na taarifa ya jeraha. Fomu ya mwakani nimeongeza mistari miwili: mwaka wa sindano ya pepopunda, na jina la pili la mtu wa kumchukua mtoto. Kwenye orodha ya vitu vya kuvaa, "viatu vya kufunika" sasa imepigwa mstari chini.